Kughafilika na Kupuuza Baina ya Mume na Mke

Khutba ya kwanza

Kila sifa njema inamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Ambaye hasinzii wala hasahau. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyefuata njia yao kwa wema.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunajiusia sisi wenyewe na tunawausia ninyi mliohudhuria, pamoja na ndugu zetu wanaotusikiliza majumbani, tumche Mwenyezi Mungu katika haki zake na katika haki za waja wake.

Leo tunakusudia kusema juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini huletwa mbele yetu mara nyingi na watu waliooana. Mke huja akasema: "Maalim, mume wangu hanipigi wala hanitukani, lakini kila ninalomwambia husahau. Siku iliyo kubwa kwangu kwake ni siku kama siku nyingine. Akiniahidi jambo dogo, halitimizi mpaka mimi mwenyewe nimechoka kulitaka." Naye mume hujibu: "Maalim, mimi ni mwanadamu, na mwanadamu husahau. Je, nitahukumiwa kwa kusahau?" Wakati mwingine mambo huwa kinyume, mume ndiye mwenye kulalamika na mke ndiye mwenye kusahau. Basi tunaulizwa: je, kusahau huku kunaonyesha kuwa mapenzi na heshima vimekwisha, au ni kughafilika tu ambako hapana mtu aliyesalimika nako?

Jawabu letu ni kwamba kusahau kwenyewe hakutuonyeshi mengi. Yanayotuonyesha hali ya moyo ni mambo mawili yanayokaa pembeni mwa kusahau: mtu huyo hakumbuki lipi na hukumbuka lipi, na akikumbushwa hufanya nini. Haya ndiyo tunayotaka kuyafafanua.

Ndugu zetu, sheria yetu imemwonea huruma mwenye kusahau. Aliyefunga akala kwa kusahau huendelea na saumu yake. Aliyesahau sala huisali pale anapokumbuka. Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba umma huu umesamehewa kosa la bahati mbaya, na la kusahau, na la kulazimishwa. Lakini tazameni vizuri mifano hiyo. Aliyesahau sala ameondolewa dhambi, ila sala yenyewe haikuondoka. Imo shingoni mwake mpaka aisali. Na wanavyuoni wetu wamesema kwamba mwenye kuharibu mali ya mwenzake kwa kusahau hana dhambi, lakini atailipa. Basi hii ndiyo kanuni: kusahau huondoa lawama ya dhambi, wala hakuondoi haki ya mtu. Mume anayesema "nilisahau" akadhani kwamba jambo limekwisha pale pale, ameichukua nusu ya kwanza ya sheria akaiacha ya pili.

Tena tunao mfano ulio bora kuliko yote. Imesimuliwa na Abu Huraira, na hadithi yake imo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba siku moja Mtume (S.A.W.) aliwasalisha watu mojawapo ya sala mbili za mchana, akatoa salamu baada ya rakaa mbili tu. Kisha akaondoka mahali pake, akaegemea ubao uliokuwa msikitini. Miongoni mwa watu walikuwamo Abu Bakari na Omari, nao walishikwa na haya wasiweze kumwambia neno. Ndipo akainuka mtu mmoja mwenye mikono mirefu, aliyekuwa akiitwa Dhul-yadain, akamwuliza kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Mtume akajibu kwa kadiri alivyodhani, kwamba hapana lolote kati ya hayo mawili. Lakini hakuishia hapo. Aliwauliza watu kama ni kweli asemavyo mtu huyu, nao wakakubali. Basi akarudi, akasali kilichobaki, akatoa salamu, kisha akasujudu sijida mbili za kusahau.

Hebu tuyahesabu aliyoyafanya mbora wa viumbe alipokumbushwa. Hakumkasirikia aliyemkumbusha. Hakumwambia, "Wewe nani hata uniambie?" Ijapokuwa alidhani hakusahau, alikubali kwamba huenda amesahau, akauliza. Ilipombainikia kweli, alitimiza kile kilichopungua. Na baada ya kutimiza, akaongeza sijida mbili. Haya manne, yaani kupokea, kuhakikisha, kutimiza na kuongeza, ndiyo alama za mtu aliyeghafilika tu. Yanapokosekana, hapo ndipo pa kuanza kutia shaka.

Tena tusipite bila ya kumtazama yule mwenye mikono mirefu. Yeye alisema. Hakuketi kimya ili aone kama Mtume atakumbuka mwenyewe, kisha akamwekea kinyongo. Tutarudi kwenye jambo hili katika khutba ya pili.

Sasa tuchukue tukio lililoletwa kwetu tulisuluhishe, nasi tutalieleza bila ya kutaja majina wala mji, kwani wenyewe wameturuhusu kwa sharti hilo. Ni mume na mke wa huku pwani. Mume ana vyombo viwili vya kuvulia dagaa, na mke anashona nguo nyumbani. Mama yake mke alifariki tarehe 12 Shaaban ya mwaka 1442, nayo ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa Machi 2021. Kila mwaka mke hupenda kumsomea mama yake hitima siku hiyo, awalishe majirani na watoto wa chuoni. Mume aliahidi kwamba mchele na kitoweo vitakuwa juu yake. Mwaka 2022 alisahau. Mwaka 2023 alisahau tena.

Mke alikuwa na hoja nzito. Alituambia: "Maalim, wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokaribia kujaa, vyombo hupumzika. Mume wangu hana haja ya kutazama angani. Ukimwamsha usingizini atakuambia leo ni mwezi ngapi. Basi itakuwaje anayeujua mwezi kuliko sisi sote asiijue siku ya kumi na mbili? Amesahau kwa sababu aliyekufa ni mama yangu wala si mama yake."

Twakiri kwamba tuliposikia hoja hii tuliikubali mioyoni mwetu kabla ya kumsikia mume, na hilo lilikuwa kosa letu. Tulipomsikia mume tulikuta jambo jingine. Yeye kweli huhesabu siku za mwezi, lakini hahesabu jina la mwezi. Bahari haimwulizi kama huu ni Rajabu au ni Shaaban. Yamtosha kujua kwamba giza limekwisha na mbalamwezi imeingia. Siku ya hitima aliiweka kichwani kwa kalenda ya ukutani, kwamba mama mkwe alifariki mwishoni mwa Machi. Na mnajua kwamba mwaka wetu wa Kiislamu una siku 354 au 355, nao ni mfupi kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo tarehe 12 Shaaban iliyokuwa mwishoni mwa Machi mwaka 2021, ilirudi nyuma hadi katikati ya Machi mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaangukia siku za mwanzo wa Machi. Mwaka huo wa 2023 mume alinunua gunia la mchele mwishoni mwa Machi, akalileta nyumbani kwa furaha. Mkewe akamtazama asiseme neno, kwa sababu Ramadhani ilikuwa imekwisha kuingia, na hitima alikwisha kuisoma peke yake kwa mchele wa kukopa.

Gunia lile lilikuwa shahidi wa mume. Mtu aliyepuuza hanunui mchele. Huyu alikumbuka jambo, akakosea siku yake. Tulipomweleza mkewe hivyo, alilia, akasema kwamba kwa mwaka mzima alidhani gunia lile ni la futari tu. Hapakuwa na mtu aliyemwuliza mwenzake.

Kwa hiyo katika jambo la siku kubwa, hukumu yetu ilikuwa kwamba mume alighafilika. Na tunawaomba ninyi mnaotusikiliza mlizingatie hili katika nyumba zenu, kwa sababu sisi tunaishi kwa kalenda mbili. Siku yetu ya Kiislamu huanza Magharibi, na siku ya kazini huanza usiku wa manane. Mke akisema "usiku wa Ijumaa", mwenye elimu ataelewa kuwa ni usiku unaotangulia Ijumaa, na kijana wa ofisini ataelewa usiku unaofuata. Watu wawili wanaweza kuiheshimu siku moja kwa moyo mmoja, lakini kila mmoja akaisubiri mahali pake. Kabla ya kusema "hanijali", semeni kwanza, "Je, tunaitaja siku moja?"

Lakini shauri halikuishia hapo. Mke alikuwa na daftari la pili la malalamiko, nalo lilihusu ahadi ndogo. Mtoto wao ana pumu. Mara tatu katika miezi miwili mume aliombwa anunue dawa ya kuvuta kabla ile ya zamani haijaisha, akasema "Inshallah nitapita nayo", akarudi mikono mitupu. Mara ya tatu dawa iliisha usiku, mke akamtuma kijana wa jirani akazunguke mji kuitafuta, na mtoto akihema. Kulikuwa pia na bawaba ya mlango wa jiko, iliyovunjika tangu msimu wa mvua uliopita. Na palikuwa na ahadi ya kumpeleka kumtazama dada yake aliyelazwa hospitali, mpaka dada yake akatoka.

Tukamwuliza mume: "Je, uliwahi kusahau barafu ya samaki?" Akasema hapana. "Je, umewahi kusahau posho ya baharia hata mmoja?" Akasema, "Maalim, nikisahau posho ya baharia, kesho sina baharia." "Basi unakumbukaje?" Akacheka kwa haya, akatoa mfukoni daftari dogo lililolowa chumvi. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: barafu, mafuta, posho, nani anadaiwa, nani amelipwa, lini nyavu zitashonwa. Tukalifunua daftari lile ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na dawa ya mtoto, wala bawaba, wala dada.

Ndugu zetu, huyu bwana alijidhani kuwa ana kumbukumbu ya ajabu ya kazi na kumbukumbu mbovu ya nyumbani. Kumbe kumbukumbu yake ni moja, tena ni ya kawaida. Tofauti ilikuwa daftari. Mambo ya diko aliyaandika kwa sababu aliyaona ni madeni. Mambo ya nyumbani aliyaacha kichwani kwa sababu aliyaona ni maneno. Hapo ndipo kusahau kwake kulipotoa habari. Hakukuonyesha chuki, wala hakukuonyesha mwanamke mwingine, kama mkewe alivyokuwa ameanza kuogopa. Kulionyesha kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kupanga, pasipo kujua, lipi ni deni na lipi si deni. Na jina la jambo hilo si kughafilika. Ni kupuuza, ijapokuwa ni kupuuza kusikokusudiwa.

Nasi tulimkumbusha aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul Bakara. Mwenyezi Mungu anaamrisha humo madeni yaandikwe, na anakataza kuchoka kuyaandika, liwe deni dogo au kubwa. Wahenga wetu nao wakasema ahadi ni deni. Mtu akiyaweka maneno haya mawili pamoja, ataona kwamba dawa ya mtoto ilistahiki mstari katika daftari lile kabla ya barafu.

Twasema maneno yetu haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya pili

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Ndugu zetu, baada ya tukio lile tumekuwa tukiwauliza wanaotujia maswali manne, nayo yametufaa. Tunayaeleza ili kila mtu ajiulize yeye mwenyewe kabla ya kumwuliza mwenzake.

Swali la kwanza: je, husahau na mambo yake mwenyewe? Tunamjua mwalimu mmoja mstaafu ambaye huacha miwani msikitini, huacha mwavuli dukani, na amewahi kupitiwa na siku ya kuchukua pensheni yake. Mtu wa namna hii akisahau ahadi ya mkewe, mkewe hakutengwa. Amepata fungu lake sawa na watu wote. Lakini anayekumbuka kila miadi ya marafiki na kila lenye faida kwake, akasahau ya mwenzake peke yake, huyo kusahau kwake kunachagua. Na kusahau kunakochagua kuna sababu ya kutafutwa.

Swali la pili: akikumbushwa hufanya nini? Mwalimu yule akikumbushwa husema, "Ala! Nisamehe, mama watoto," akainuka saa ile ile, na hurudi na kitu kilichoombwa pamoja na ndizi mbili tatu za kumtuliza. Hizo ndizi ndizo sijida zake mbili. Mwingine akikumbushwa hukasirika, hudhihaki, husema mkewe ana mdomo. Na mbaya kuliko hao ni yule anayekana, akasema, "Sikusema hivyo, umeota." Mara moja huenda kweli amesahau kwamba aliahidi. Lakini ikawa ndiyo desturi yake, hata mke akaanza kutilia shaka akili yake mwenyewe, basi hiyo si kusahau tena. Ni dhuluma, kwa kuwa anamnyang'anya mwenzake haki, kisha anamnyang'anya na ushahidi wake.

Swali la tatu: akipewa msaada wa kukumbuka, huupokea? Wataalamu wa elimu ya nafsi hutofautisha kukumbuka yaliyopita na kukumbuka kufanya jambo litakalokuja. Ya kwanza ni nyepesi, kwani huja mtu akakuuliza. Ya pili ni nzito, kwa sababu hapana wa kukuuliza. Inakubidi ukumbuke kwamba unalo la kukumbuka, na wakati huo huo umeshughulika na jingine. Ndiyo maana mtu mwenye nia safi kabisa hupita mbele ya duka la dawa asikumbuke, akakumbuka akifika mlangoni kwake. Mwaka 1999 mtaalamu aitwaye Peter Gollwitzer aliandika kwamba watu hutimiza nia zao zaidi wanapoifunga nia na mahali au tukio maalumu, kuliko wanaposema tu "nitafanya". Basi usiseme, "Inshallah nitanunua dawa." Sema, "Nikitoka msikitini baada ya Alasiri, Inshallah nitakwenda moja kwa moja duka la dawa kabla ya kufika dikoni." Hapo kutoka msikitini ndiko kutakakokukumbusha.

Sisi Waislamu tunayo bahati katika jambo hili, kwa maana siku yetu imegawanywa na nguzo tano zisizosogea. Tumemshauri bwana yule wa vyombo afunge kila ahadi ya nyumbani na sala moja, aiandike katika daftari lake mstari wa kwanza, na tarehe ya hitima aiandike kwa mwezi wa Kiislamu, na mara tu Shaaban inapoandama aulize ni siku gani ya juma. Alikubali. Mwaka 2024, tarehe 12 Shaaban iliangukia siku za mwisho mwisho wa Februari, na mchele ulifika nyumbani siku tatu kabla. Hatusemi kwamba hasahau tena. Bawaba ilichukua majuma mawili zaidi. Lakini kukubali kwake kuandika ndiko kulikomwonyesha mkewe kile alichotaka kukiona. Mwenye kughafilika huupokea msaada kama kipofu anavyoupokea mkongojo. Mwenye kupuuza huukataa, akasema haandikiwi kazi ndani ya nyumba yake.

Hapa tuseme neno juu ya hilo "Inshallah" letu. Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Suratul Kahfi tusiseme tutafanya jambo kesho bila ya kulitegemeza kwenye kupenda kwake. Ni neno la mtu aliyekwisha kutia nia, anayekiri kwamba nguvu si yake. Lakini wengi wetu tumeligeuza likawa njia ya upole ya kukataa. Mtu hana nia ya kufanya, naye anaona haya kusema "siwezi", basi husema "Inshallah". Jamhuri ya wanavyuoni, na miongoni mwao wa madhehebu ya Shafi tunayoyafuata pwani hii, wamesema kutimiza ahadi ni jambo lililosisitizwa mno, na wengine wakasema ni wajibu. Lakini wote wamekubaliana kwamba kuahidi huku umekusudia kutotimiza ni haramu. Basi afadhali kumwambia mkeo leo, "Juma hili sitaweza," kuliko kumpa Inshallah isiyo na nia ndani yake.

Swali la nne: je, usahaulifu huu ni wa tangu zamani au ni mgeni? Mtu aliyekuwa makini miaka ishirini, akabadilika katika miezi michache, asihukumiwe haraka. Kukosa usingizi, huzuni nzito baada ya msiba, uchovu wa mama aliyejifungua, ugonjwa, na baadhi ya dawa, vyote huvuruga kumbukumbu. Na mzee anayeuliza swali lile lile mara tatu kwa saa moja, au anayepotea katika njia ya msikiti aliyoizoea, au anayeshindwa na hesabu ya fedha aliyokuwa akiiweza, huyo apelekwe hospitali, wala asigombezwe. Ni dhambi iliyoje kumnunia mtu miezi sita kwa sababu ya maradhi yake!

Sasa turudi kwa Dhul-yadain. Wako wanaoficha siku zao makusudi. Mke hunyamaza juu ya siku ya ndoa yao, au mume hunyamaza juu ya siku ya safari yake, ili amjaribu mwenzake. Akisahau, humwandikia kosa moyoni. Ndugu zetu, huo ni mtego, na anayeweka mtego nyumbani mwake hunasa wa nyumbani mwake. Kumbusheni. Kama masahaba wote wangalinyamaza kwa haya, sala ingalibaki pungufu. Kukumbusha mara moja na mara ya pili kwa sauti njema si udhalili, bali ni kumsaidia mwenzio atimize. Lakini nanyi mnaokumbushwa msimfanye mwenzenu kuwa daftari lenu la daima. Mke anayebeba kichwani siku za kliniki, ada za shule, dawa na hitima, kisha abebe na kazi ya kumkumbusha mume, huyo amebeba mizigo miwili.

Mwisho, tutenganishe uzito wa mambo. Siku ya ndoa ikisahauliwa, hiyo ni hisani iliyopotea, nayo hufidiwa kwa neno zuri. Ahadi ndogo ikisahauliwa, ni deni la heshima, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini chakula, mavazi na mahari iliyosalia ni haki. Katika madhehebu yetu matumizi ya mke yasiyotolewa hubaki kuwa deni juu ya mume hata miezi ikipita. Na dawa ya mtoto haina subira kabisa. Anayesahau haya mara kwa mara, akikumbushwa akakasirika, na akipewa msaada akaukataa, mkewe asiambiwe tu avumilie. Kurani imetuelekeza tulete msuluhishi kutoka jamaa za mume na msuluhishi kutoka jamaa za mke, na akishindikana, mlango wa kadhi uko wazi.

Tulipoagana na mume na mke wale, mke alimwambia mumewe mbele yetu, "Sikutaka gunia, mume wangu. Nilitaka mstari mmoja katika daftari lako." Basi kila mmoja wetu arudi nyumbani leo akalifungue daftari lake, lile la mkononi na lile la moyoni, atazame ni nani aliyeandikwa na ni nani aliyesahauliwa.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasahau na tuliyoyakosea. Tukumbushe haki za wenzetu kabla ya siku ambayo hapana litakalosahauliwa. Wape nguvu wagonjwa, warehemu maiti wetu, uzitie amani nyumba zetu. Amin.

Simameni kwa sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.